Simamisha, rudisha, songeza: jinsi fremu moja inavyoweza kulipa au kuliua bao kwenye video ya marudio

Desemba 1, 2022, Uwanja wa Kimataifa wa Khalifa, Qatar. Dakika ya 51, Japan na Hispania ziko 1-1. Ritsu Doan anapiga krosi ya chini inayokatiza lango zima, Kaoru Mitoma anaufukuzia mpira pale mstari wa mwisho, anaurudisha ndani na Ao Tanaka anausukumia wavuni. Mwamuzi Victor Gomes wa Afrika Kusini anasubiri VAR. Bao linakubaliwa, Japan inashinda 2-1 na kuongoza kundi, Ujerumani inarudi nyumbani.

Muda mfupi baadaye mitandao ikajaa picha moja iliyosimamishwa: mguu wa Mitoma, mpira, na kipande cha nyasi kati ya mpira na mstari mweupe. Kwa macho ya wengi, mpira ulikuwa umetoka. Picha haikuwa ya kughushi, ila ilisimamishwa kutoka kwenye kamera isiyofaa kwa swali lililoulizwa.

Sheria inasema mpira umetoka pale tu ambapo wote mzima umevuka mstari, uwe chini au hewani. Mpira wa kawaida una kipenyo cha sentimita 22 hivi, lakini unagusa nyasi kwa sehemu ndogo tu ya katikati. Kwa hiyo sehemu inayogusa nyasi inaweza kuwa karibu sentimita 11 nje ya mstari huku ubavu wa mpira bado uko juu yake. Kamera iliyo chini, pembeni, inaonyesha yale majani ya katikati na mtazamaji anaapa mpira ni nje. Iliyo juu, au iliyolingana sawasawa na mstari, inaonyesha ubavu. Kwa Mitoma, ubavu ulikuwa bado unagusa anga ya mstari kwa kiasi kidogo mno.

Sasa tuseme mhariri anatengeneza video ya sekunde 60 ya mechi ile. Afanyeje?

Kwanza, bao lote bila kuguswa

Tukio linachezwa kwa mwendo wake wa kawaida, na sauti yake, kuanzia krosi hadi wavuni. Ukimsimamishia mtazamaji picha kabla hajaliona bao, unamkatia utamu na hajui hata unamwonyesha nini.

Kisha rudisha nyuma

Kazi ya kurudisha ni kumtoa mtazamaji kwenye matokeo na kumpeleka kwenye chanzo. Hapa chanzo ni mguu wa Mitoma, kwa hiyo video inarudi kutoka wavuni hadi hapo na kukoma. Irudi haraka, sekunde moja inatosha. Kwenye CapCut, kata kipande hicho, kinakili, halafu bonyeza `Reverse` kwenye nakala. Zima sauti yake, maana kelele za mashabiki zikigeuzwa zinakuwa kama redio iliyokosa masafa. Acha sauti ya uwanja kutoka kipande kingine ipite chini.

Jambo moja linasahaulika sana: weka alama ndogo ya mshale au neno “marudio”. Mtu anayetazama kwenye daladala bila sauti anaweza kudhani ni shambulizi jingine.

Simamisha, lakini kwenye fremu ipi?

Hapa ndipo kazi ilipo. Video ya fremu 25 kwa sekunde inapiga picha moja kila baada ya elfu 40 za sekunde. Mpira unaokwenda kilomita 90 kwa saa unasafiri mita nzima katika muda huo. Mguu nao hugusa mpira kwa takriban elfu 10 tu za sekunde. Maana yake mguso wenyewe unaweza kuangukia katikati: fremu moja mguu haujafika, inayofuata mpira umeshaondoka.

Kwenye kuotea hali ni hiyo hiyo. Mshambuliaji anayekimbia mita 8 kwa sekunde anasogea sentimita 32 kati ya fremu na fremu. Ukichelewa fremu moja baada ya pasi kupigwa, umemtoa mtu halali na kumweka kwenye kosa. Sheria inahesabu mguso wa kwanza wa anayetoa pasi, sio pale mpira unapoachana na mguu.

Njia salama ni kusimamisha fremu iliyo karibu zaidi na mguso, kuikalisha sekunde mbili na kuchora duara kuzunguka mpira. `Freeze` ya CapCut huweka picha ya sekunde tatu, ifupishe. Kama mpira umevutika na kuwa kama yai, kamera ilinasa mwendo wake, na ukingo wake halisi haupo kwenye picha hiyo. Usichore mstari hapo.

Songeza fremu moja moja

Baada ya kusimamisha, onyesha fremu mbili za kabla na mbili za baada, kila moja ikae karibu nusu sekunde. Mtazamaji anaona mpira ukifika, ukiguswa, ukiondoka, na anajiamulia mwenyewe. Hii ina faida kuliko mwendo wa pole. Ukiipunguza video ya fremu 25 hadi robo ya kasi, programu haina picha mpya za kuongeza. Inarudia zile zile, au inachanganya mbili na kubuni ya katikati. Kwenye CapCut chaguo hilo linaitwa `Smooth slow-mo`. Kwa shangwe za mchezaji ni tamu kabisa, ila kwa swali la mstari lizime, kwa sababu fremu iliyobuniwa haikutokea uwanjani. Utaigundua kwa mipira miwili hafifu, au mguu unaopinda kama plastiki iliyoshika moto.

Anayerekodi mwenyewe, tuseme ligi ya mtaani, aweke kamera ya simu kwenye fremu 60 kwa sekunde na atoe video kwa 60 pia. Akiitoa kwa 30, nusu ya fremu zinatupwa, na ile ya mguso inaweza kuwa miongoni mwake. Akitaka kuikagua video iliyoko YouTube kwenye kompyuta, aisimamishe kisha abonyeze kitufe cha nukta kwenda mbele fremu moja, na mkato kurudi nyuma.

Rafu usiihukumu kwa mbinu hizi

Taratibu za VAR zinaruhusu mwendo wa pole kwa mambo ya hakika, kama mahali rafu ilipotokea au mwili uligusana wapi. Ukali wa rafu unatazamwa kwa kasi ya kawaida. Sababu ipo: utafiti wa Eugene Caruso na wenzake, uliochapishwa 2016, ulionyesha watu wakitazama tendo kwa mwendo wa pole wanaliona ni la makusudi zaidi. Picha iliyosimama ni mbaya zaidi, kwa kuwa njumu iliyo juu ya kifundo cha mguu inaonekana ya kikatili hata kama ilipita ikiteleza. Kwa rafu, simamisha kuonyesha mguso ulikuwa wapi, kisha cheza tukio zima kwa kasi yake kabla ya kuweka neno lolote kama “kadi nyekundu” kwenye skrini.