Biopsi ya endometriamu
Biopsi ya endometriamu ni uchukuaji wa sampuli ya utando wa ndani wa mji wa mimba ili ichunguzwe kwa hadubini. Hufanywa hasa mwanamke anapotokwa na damu baada ya kukoma hedhi.

Mrija wa plastiki wenye kipenyo cha milimita 3 hivi hupitishwa katika shingo ya kizazi. Pistoni yake ikivutwa, tishu hufyonzwa huku mrija ukizungushwa na kusogezwa mbele na nyuma. Sampuli huhifadhiwa katika formalini.

Utando ukiwa mwembamba, ripoti huweza kusema "tishu haitoshi". Hiyo haimaanishi kwamba hakuna saratani, kwa kuwa mrija hufikia sehemu tu ya utando. Damu ikiendelea kutoka, mji wa mimba huchunguzwa kwa kamera.