Ufuatiliaji wa lori kwa simu, Tunduma

Mfumo wa kumwonyesha mteja kwenye ramani lori lake lilipo, kupitia simu ya dereva. Kati ya Vwawa na Tunduma, kusoma setilaiti kila sekunde 30 kunatosha: kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, lori husogea mita 500. Kwenye foleni ya mpakani usomaji huohuo humaliza chaji bure. Hapo Android huwekewa `PRIORITY_BALANCED_POWER_ACCURACY`, yenye usahihi wa takribani mita 100, na `setMinUpdateDistanceMeters(200)`. Ukiweka 10, lori lililozimwa litaonekana likitangatanga, maana kosa la kipimo lenyewe linazidi mita 10. Ila kujua kama limeshaingia Nakonde, Zambia, setilaiti lazima iwashwe tena, kwani miji hiyo miwili imeungana.