Nukta Mbili za Günther

Mwaka 1866 kilichapishwa London kitabu kuhusu samaki wa Zanzibar. Waandishi wake walikuwa wawili. Robert Lambert Playfair alikuwa mwakilishi wa Uingereza pale Unguja, na Albert Günther, mzaliwa wa Ujerumani, alikuwa mtaalamu wa samaki katika Jumba la Makumbusho la Uingereza. Mwaka huohuo Günther alimpa samaki mdogo wa maji baridi wa Shelisheli jina la mwenzake: playfairii. Leo jina kamili la samaki huyo huandikwa hivi: *Pachypanchax playfairii* (Günther, 1866). Mabano yanaonyesha kwamba tangu siku ile samaki amehamishiwa jenasi nyingine.

Uitazame vizuri ile ü. Ni u yenye nukta mbili juu, na mpangaji chapa wa karne ya kumi na tisa alikuwa na kipande chake cha risasi kwa ajili ya herufi hiyo. Kwa zaidi ya miaka mia moja haikumsumbua mtu, kwa sababu aliyeisoma alikuwa binadamu.

Kisha vikaja vifaa vya kusoma chapa. Mwaka 1976 Mmarekani Ray Kurzweil alionyesha hadharani mashine iliyowasomea vipofu kwa sauti vitabu vya chapa za aina nyingi. Miaka thelathini baadaye, mwaka 2006, maktaba kadhaa za Marekani na Uingereza ziliungana kuanzisha Biodiversity Heritage Library, na vitabu vya kale vya wanyama na mimea vikaanza kuskaniwa ukurasa kwa ukurasa. Hakuna aliyeweza kuajiri watu wa kuzipiga chapa upya kurasa zote hizo, kwa hiyo kazi ya kuzigeuza kuwa maandishi yanayotafutika ikaachiwa programu.

Programu kwanza huigeuza picha iwe nyeusi na nyeupe tupu, halafu hulinganisha kila doa na maumbo ya herufi inazozitarajia. Iliyoelekezwa kusoma Kiingereza peke yake haiitarajii ü. Inachokiona ni vijiti viwili vilivyosimama, kila kimoja na nukta kichwani. Kijiti chenye nukta ni i. Kale kauzi kembamba kanakoviunga vijiti kwa chini mara nyingi kamefifia kwenye karatasi kuukuu, hivyo hakuna cha kuizuia isiandike:

```
Pachypanchax playfairii (Giinther, 1866)
```

Mstari huu umenifundisha zaidi kuliko maelezo yoyote. Una ii mbili. Ile ya mwisho wa playfairii ni halali: ndivyo Kilatini kinavyosema “ya Playfair”. Ile ya Giinther ni uongo. Mtu anayeamua kusafisha maandishi kwa amri moja, kila ii igeuzwe ü, atamponya Günther na papo hapo amharibu Playfair, maana atapata playfairü. Inabidi kujua ni neno lipi limetoka Ujerumani na lipi ni la Kilatini, na programu haikuambiwa.

Kosa halikai ukurasani. Programu nyingine hupita juu ya maandishi hayo ikivuna majina ya viumbe, kwa kuyalinganisha na orodha iliyo nayo. Chukua samaki wa Unguja aliyepewa jina la Günther mwaka 1893, *Nothobranchius guentheri*. Kanuni ya wanazuolojia huitaka ü ya jina la Kijerumani la wakati ule iandikwe ue, lakini vitabu vingi vilichapa güntheri, na mashine ikasoma giintheri. Ukiiweka kando ya guentheri, herufi mbili hazilingani. Kifaa kinachovumilia tofauti ya herufi moja tu kitaliruka jina, na ukurasa huo hautaonekana tena kwa anayemtafuta samaki wetu. Kinachovumilia zaidi kitalipata, lakini kitaanza pia kuchanganya spishi ambazo kweli zinakaribiana majina. Na mtu akinakili giintheri kwenye jedwali lake, akaliwasilisha kwenye kanzidata kubwa, jina limeshapata makazi: programu itakayoitumia kanzidata hiyo kama orodha yake italikubali kama jina zuri.

Kwa upande wa waandishi, Günther, Guenther, Gunther na Giinther huhesabiwa watu wanne, na kazi za mmoja hutawanyika.

Kinga ya mwanzo ni kuitajia programu lugha zote za kitabu. Kwa programu ya Tesseract, Kiingereza, Kijerumani na Kilatini huombwa hivi:

```
tesseract ukurasa.png matokeo -l eng+deu+lat
```

Hilo husaidia kwa kurasa zinazosomwa leo. Nakala zilizokwisha kusambaa hazijirekebishi, hata asili yake ikisahihishwa. Ndiyo maana nazithamini kanzidata zinazohifadhi, pembeni ya kila jina, kiungo cha kurudi kwenye picha ya ukurasa. Unakibofya, unaikuza picha, na pale juu ya u unaziona nukta mbili, zimekaa kama zilivyopangwa.