Hoho, viazi na mboga: kuepuka utata kati ya Kiswahili cha pwani na cha bara

Tofauti za msamiati kati ya wasemaji wa pwani na wa bara ni za namna mbili. Katika namna ya kwanza, kitu kimoja kina majina mawili: nyanya za bara huitwa tungule Unguja, na shule huitwa skuli. Asiyelijua neno tungule hutambua mara moja kuwa halijui, naye huuliza. Katika namna ya pili, neno ni moja lakini maana ni mbili. Hapo mpokeaji huamini kuwa ameelewa, haulizi, na kosa hujulikana mzigo unapofunguliwa. Anayemwandikia mtu asiyemfahamu anapaswa kujihadhari zaidi na namna hii ya pili.

Mfano wa Uluguru

Mgeta, upande wa magharibi wa Milima ya Uluguru mkoani Morogoro, ni eneo la kilimo cha mboga na viazi. Wakulima wengi huzungumza Kiluguru nyumbani na Kiswahili cha bara sokoni. Tuchukue mfano wa kubuni wa mnunuzi kutoka Unguja anayemwandikia mkulima wa huko, mwanamke asiyewahi kuonana naye:

*"Salamu Bibi. Naomba viazi gunia moja, pilipili hoho kilo tano na mboga."*

Ujumbe ni sahihi kisarufi, na kila neno limo katika kamusi. Hata hivyo, maneno manne yanaweza kupotoka njiani.

Viazi. Unguja, viazi mviringo huitwa mbatata, hivyo neno *viazi* peke yake huelekea kwenye viazi vitamu. Mgeta, *viazi* bila kivumishi ni viazi mviringo. Kuandika *mbatata* si suluhisho la kila mahali, kwani katika Kichewa cha Malawi neno hilohilo humaanisha kiazi kitamu. Kivumishi ndicho kinachoondoa shaka: *viazi vitamu* au *viazi mviringo*.

Pilipili hoho. Kamusi kongwe zilizoegemea Kiunguja huliweka neno hili kwa pilipili nyekundu inayowasha, na pilipili kubwa isiyowasha huitwa pilipili boga Unguja. Katika masoko ya bara, *hoho* ni hiyo kubwa isiyowasha. Kwa hiyo mnunuzi anayetaka ukali atapelekewa pilipili ya kukatia kachumbari. Ni salama kuandika *pilipili kali*, au *pilipili kubwa zisizowasha*.

Mboga. Kwa wengi wa pwani, *mboga* ni mimea, na samaki au nyama ni *kitoweo*. Bara, *mboga* ni chochote kinacholiwa pamoja na ugali, ikiwemo dagaa na nyama. *Mboga za majani* huondoa utata, na kutaja aina, kama mchicha, ni bora zaidi.

Bibi. Pwani, neno hili hutumika pia kama heshima kwa mwanamke mtu mzima. Bara, kwa kawaida ni mama wa mzazi, na mwanamke wa miaka thelathini anaweza kuona amezeeshwa. *Ndugu* hufaa katika ujumbe wa kwanza, kwa kuwa halitaji umri wala jinsia.

Ujumbe uliorekebishwa utasomeka hivi:

*"Habari za kazi, ndugu. Naomba viazi vitamu gunia moja, pilipili kali kilo tano, zile ndogo nyekundu, na mchicha mafungu kumi."*

Hakuna neno la pwani lililobadilishwa kwa sababu tu ni la pwani. Yaliyobadilishwa ni yale ambayo mpokeaji angeyapa maana nyingine bila kujua.

Je, neno sanifu si salama?

Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Mtu angetarajia basi kwamba neno la Unguja lingekuwa salama kila mahali. Msamiati wa chakula na soko, hata hivyo, umeendelea kubadilika miongoni mwa wasemaji wengi wa bara, na *tungule* imebaki ya visiwani na baadhi ya sehemu za pwani. Mpaka wenyewe si wa jiografia tu: Dar es Salaam iko pwani, lakini *hoho* ya masoko yake ni ile ya bara.

Kwa mfasiri na mwalimu, kipimo chepesi ni kuliondoa jina na kukieleza kitu kwa rangi, ukubwa, ladha au matumizi. Ikiwa maelezo hayo yanalingana na kile ambacho msemaji wa upande wa pili hukiita kwa jina hilo, neno linaweza kubaki. Yasipolingana, maelezo yenyewe yaandikwe, hata kama yatarefusha ujumbe kwa maneno matatu.