Kuisoma taarifa ya benki ya London: herufi zake, makato yake, na pauni 26 zilizopungua njiani

Mzazi aliyeko Maskati amemtumia mwanawe pauni 1,000 za kodi ya chumba huku Stratford, mashariki ya London. Baada ya siku chache analetewa taarifa ya akaunti, na humo zimeandikwa pauni 974. Jambo la kwanza linalomjia moyoni si hesabu, ni shaka. Kijana anaapa hakugusa kitu, na mzazi anaiona tarakimu kwa macho yake. Nimefanya kazi ya ukarani wa hesabu miaka mingi, na sasa, nikiwa mstaafu, karatasi za namna hii huletwa kwangu nizifasiri kwa Kiswahili. Mara nyingi kijana anasema kweli, na ushahidi umo katika karatasi yenyewe kwa yule anayejua pa kuangalia.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate mpaka mwisho. Tarakimu nimezitunga mwenyewe, lakini mwenendo wake ni ule ule ninaouona kila mara. Hii ni sehemu ya taarifa ya kijana wetu:

```
15 SEP  BALANCE BROUGHT FORWARD            12.40
15 SEP  CR   INTL PAYMENT        974.00   986.40
16 SEP  DD   STUDENT RENT       1000.00    13.60 D
17 SEP  )))  SQ *CAFE E15          4.20    17.80 D
18 SEP  )))  TFL TRAVEL CH         3.60    21.40 D
```

Mstari wa kwanza ni salio lililoletwa kutoka ukurasa uliopita: pauni 12 na peni 40. Mstari wa pili una herufi CR, maana yake fedha zimeingia. Hapa wengi hukosea, kwa kuwa masikioni mwetu neno hilo linafanana na kukopa, wakadhani kijana amechukua mkopo. Sivyo. Katika taarifa ya mteja CR ni kuingia na DR ni kutoka, basi.

Mstari wa tatu una DD, na hapa ndugu zetu wa Ghuba wana mtego wao peke yao. Katika benki za huko, DD imezoeleka kuwa ni drafti, ile hati ya benki unayoinunua ukampelekea mtu. Uingereza DD ni kitu kingine kabisa: ni ruhusa ambayo mwenye akaunti amempa anayemdai, kama vile mwenye nyumba au kampuni ya simu, ajikatie mwenyewe fedha zake siku ya malipo. Kiasi hupangwa na anayekata, naye hutakiwa kutoa taarifa kabla ya kukibadilisha. Usiichanganye na SO, ambayo ni agizo la kudumu: pale mwenye akaunti ndiye aliyeiambia benki ilipe kiasi fulani kila mwezi, na hakibadiliki mpaka yeye mwenyewe akibadilishe. Tofauti hii ina faida yake. Mtu akikatwa kimakosa kwa DD, benki ya Uingereza inawajibika kumrudishia mara moja anapodai, kisha yenyewe ikatafutane na aliyekata. SO haina dhamana hiyo.

Sasa tazama herufi D iliyosimama baada ya salio. Kwa bahati njema Kiswahili kinatusaidia: isome D ya deni. Kodi ilikuwa pauni 1,000, akauntini mlikuwa na 986.40, na benki ikamvumilia kijana kwa kumkopesha pauni 13.60. Benki nyingine haziandiki D bali OD, na nyingine huweka alama ya kutoa mbele ya tarakimu. Tangu Aprili 2020 benki za Uingereza zimekatazwa kutoza ada ya kila siku kwa deni la namna hii. Hutoza riba ya mwaka tu, na kwa benki kubwa nyingi riba hiyo imekuwa kama asilimia 40. Kwa deni la pauni 200 linalokaa siku 30 ni kama pauni 5 na nusu. Kama benki isingekubali kumvumilia, malipo ya kodi yangerudi, na chini yake ungekuta mstari wenye neno UNPAID. Huo ndio mstari wa kumtia mzazi wasiwasi, kwani mwenye nyumba hajalipwa.

Mabano matatu yaliyopangwa hivi, `)))`, si kosa la mashine. Ni malipo ya kugusisha kadi bila kubonyeza namba ya siri. SQ na nyota yake ni jina la kampuni inayowapatia wenye maduka madogo mashine za kadi, na jina linalofuata ndilo la duka. Utaona vilevile SUMUP au ZETTLE mahali pake. E15 ni namba ya posta ya Stratford. Nao TFL ni usafiri wa mji wa London. Mabasi na treni za siku nzima hujumlishwa zikawa mstari mmoja, na mara nyingi huandikwa siku ya pili yake, kwa hiyo usimwulize kijana alikwenda wapi tarehe 18 kwa mstari wa tarehe 18.

Benki hazitumii herufi zile zile. Kwengine utakuta FPI kwa fedha zilizoingia kwa njia ya haraka na FPO kwa zilizotoka kwa njia hiyo, CPT kwa kutoa pesa mashineni, DEB kwa kadi, BGC kwa fedha zilizoingizwa na mwajiri au ofisi, na TFR kwa uhamisho. Ufunguo wa herufi za benki husika huwa nyuma ya karatasi au kwenye tovuti ya benki, nami siandiki tafsiri kabla ya kuuona.

Turudi kwenye zile 26. Hazimo katika taarifa ya kijana kwa sababu zilikatwa kabla hazijafika. Benki ya Maskati haina akaunti katika kila benki ya London. Inayo katika benki moja au mbili, na fedha hupitia huko kwanza. Benki hiyo ya katikati hukata ujira wake, na benki ya mwisho nayo pengine hukata wake wa kupokea. Anayebeba ujira huo huamuliwa na neno moja katika fomu aliyotia saini mzazi. OUR maana yake mtumaji anabeba yote. BEN maana yake mpokeaji anabeba yote. SHA maana yake wanagawana: mtumaji anailipa benki yake, na kila kinachokatwa mbele ya hapo kinatoka katika fedha zenyewe. Fomu nyingi huja zikiwa zimekwisha tiwa alama penye SHA, na mtu akiwa na haraka hasomi.

Ushahidi wake uko katika nakala ya ujumbe ambao benki zilipelekeana, ujulikanao kama MT103. Kijana anaweza kuiomba benki yake, kwani ndiyo iliyoupokea. Mistari inayotuhusu ni minne:

```
:32A:250915GBP980,00
:33B:GBP1000,00
:71A:SHA
:71F:GBP20,00
```

Soma 33B kwanza: kilichoagizwa ni pauni 1,000. Kisha 71F: njiani zimekatwa 20. Halafu 32A: kilichobaki ni 980, na tarehe imeandikwa mwaka kwanza, yaani 15 Septemba 2025. Mkato hapa ni nukta ya desimali, kwa hiyo 980,00 ni mia tisa na themanini, wala si elfu tisini na nane. Pauni 6 zilizosalia ni za benki ya kijana mwenyewe, na hizo hazitaonekana katika ujumbe huu. Kijana aiombe benki yake hati ya malipo yaliyoingia. Ishirini na sita ikawa ishirini na sita, na shaka ikaondoka.

Tarehe nayo ina kisa chake. Mzazi alituma Alhamisi tarehe 11 mchana. Ijumaa na Jumamosi benki za Oman zimefungwa, Jumamosi na Jumapili za London zimefungwa, fedha zikaandikwa Jumatatu. Kodi ilikatwa Jumanne, ikawa ni chupuchupu.

Kuna gharama nyingine, na hii haiandikwi popote. Tuseme benki ya Maskati ilimwuzia mzazi zile pauni 1,000 kwa riali 530.000 na ada ya riali 5.000. (Riali ina baisa 1,000, ndiyo sababu ya tarakimu tatu baada ya nukta. Karani wa London asiyejua anaweza kuisoma laki tano na elfu thelathini.) Thamani ya riali imefungwa kwa dola tangu 1986, riali moja kwa dola 2.6008. Kwa hiyo mtu yeyote anaweza kuipima bei aliyouziwa: chukua bei ya pauni kwa dola siku ile, uigawe kwa 2.6008. Ikiwa pauni ilikuwa dola 1.35, bei ya soko ni riali 0.519. Yeye alitozwa 0.530. Tofauti ni baisa 11 kwa kila pauni, riali 11 kwa jumla. Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya ada iliyoandikwa kwenye risiti, na binafsi nakereka nayo kuliko zile pauni 26, kwa sababu hizo angalau zina mstari wao.

Kijana naye anapokuja likizo Maskati na kutoa riali kwa kadi ya London, utaona mstari uitwao NON-STERLING TRANSACTION FEE. Ni ada ya kutumia fedha isiyo pauni, na benki nyingi kubwa hutoza karibu asilimia 3 ya kiasi chenyewe.

Katika kuifasiri karatasi nzima, mimi huacha herufi za asili mahali pake na kuweka Kiswahili pembeni, mstari kwa mstari, bila kuruka hata ule wa peni 50. Mwezi nauandika kwa jina. Sigeuzi pauni kuwa riali ndani ya jedwali, kwani bei hubadilika kila siku na salio halitakubali. Mwisho nachukua salio la mwanzo, najumlisha yaliyoingia, natoa yaliyotoka. Isipolingana na salio la mwisho kuna mstari nilioukosa. Tafsiri hii ni ya kusomana nyumbani. Ofisi ya viza ya Uingereza hutaka hati isiyo ya Kiingereza iambatane na tafsiri kamili yenye tarehe, jina kamili, saini na mawasiliano ya mfasiri, pamoja na tamko lake kwamba tafsiri ni sahihi.

Tangu Novemba 2025 benki zimehamia muundo mpya wa ujumbe, na maneno ya ujira yamebadilika. SHA imekuwa SHAR. OUR imekuwa DEBT, ambayo hapa si deni, bali ni anayetoa fedha ndiye anayebeba ujira. Na BEN imekuwa CRED. Mzazi akiona CRED penye ujira asidhani ni ile CR ya kuingia: hapo mwanawe ndiye atakayekatwa.