Athari ya isotopu ya deuteri katika mmenyuko wa uondoaji

Ni tofauti ya kasi inayoonekana haidrojeni inapobadilishwa na deuteri, isotopu yake yenye uzito maradufu. Kifungo cha kaboni na deuteri huanzia kwenye nishati ya chini zaidi, hivyo hukatika kwa shida.

Chukua 2-fenilethili bromidi, inayogeuka stireni ikimenyuka na ethoksidi ya sodiamu katika ethanoli. Deuteri ikiwekwa kwenye kaboni jirani na ile yenye bromini, kasi hushuka takriban mara 7 kwenye nyuzijoto 30 za Selsiasi. Kwa hiyo kifungo cha kaboni hiyo na haidrojeni hukatika katika hatua inayoamua kasi.

Athari ndogo, hata hivyo, haikanushi kwamba kifungo hukatika katika hatua hiyo: haidrojeni iliyohama kidogo tu, au iliyokaribia kuhama kabisa, katika hali ya mpito huipunguza athari hiyo.