Saa si Kipimo cha Ugonjwa

Novemba 2011, Korea Kusini ilianza kuwafungia watoto wa chini ya miaka 16 gemu za mtandaoni za kompyuta, kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Wapo walioendelea kuingia kwa namba za vitambulisho vya wazazi wao, na gemu za simu, ambazo kizuizi hicho hakikuzigusa, zikashamiri. Sheria hiyo ilikoma Januari 1, 2022. Siku hiyohiyo likaanza kutumika toleo la 11 la orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, lililoutambua uraibu wa gemu kuwa ugonjwa. Maelezo yake hayataji mtoto acheze saa ngapi.

Yanataja mambo matatu: mchezaji ameshindwa kujizuia, gemu imetangulia shughuli nyingine zote, na anaendelea ingawa anaona madhara. Tena madhara yawe makubwa, nyumbani, shuleni au kwa wenzake, na kwa kawaida yadumu miezi 12. Kabla ya toleo hilo kuanza kutumika, kundi la wataalamu, akiwamo Espen Aarseth, lilikuwa limepinga uraibu huo kuitwa ugonjwa, likihofia wachezaji wazima kuitwa wagonjwa. Hofu hiyo naiona ina msingi.

Tuwachukue vijana wawili wa kubuni, wote wa kidato cha pili. Wa Mwanjelwa, Mbeya, anashinda kibanda cha gemu likizo nzima ya Desemba, mama yake akilalamika. Januari shule zikifunguliwa anarudi darasani, mpira anacheza, usiku analala. Huyo anacheza sana, basi. Wa Kihesa, Iringa, hucheza muda mfupi kuliko huyo, lakini nauli anailipia mechi, anasinzia darasani, marafiki amewaacha, na ameahidi kuacha mara nyingi akashindwa. Mwaka unakatika hivyo. Wa Kihesa ndiye wa kupelekwa hospitali.

Baba yake ameshamnyang'anya simu, naye akahamia kibandani. Pengine lililomsukuma lilianza kabla ya gemu: hesabu zilizomshinda, wenzake wanaomwonea, au sonona. Mtoto aulizwe hayo kwa utulivu, na daktari wa afya ya akili ayachunguze pia, kwa sababu sonona isipotibiwa gemu itarudi.

Nyumbani, baba aanze na usingizi: simu zote, ya baba ikiwamo, zichajiwe usiku chumbani kwa wazazi. Kikomo kihesabiwe kwa mechi na kikubaliwe kabla hajaanza, kwa kuwa mechi ya mtandaoni haisimamishwi katikati, na anayemzimia mtoto dakika ya mwisho huvuna ugomvi. Nauli ikabidhiwe siku kwa siku. Na mwenye kibanda aombwe asimpokee saa za shule. Mara nyingi ni jirani, naye ana watoto.